Ukuta, Tao na Nuru: Ulinganisho wa Usanifu wa Kiromaneski na wa Kigothiki katika Kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, Vézelay

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha usanifu wa makanisa wa Kiromaneski na wa Kigothiki kwa kuchunguza jengo moja lililobeba mitindo yote miwili: kanisa la abasia ya Mtakatifu Maria Magdalena, Vézelay, nchini Ufaransa. Ukumbi mkuu wa kanisa hilo ulijengwa kwa mtindo wa Kiromaneski baada ya moto wa mwaka 1120, na sehemu ya altare ilianza kujengwa upya kwa mtindo wa Kigothiki mnamo mwaka 1185. Hoja kuu ni kwamba tofauti ya mitindo hii haiko katika umbo la tao peke yake, wala katika kauli iliyozoeleka kuwa Kiromaneski ni giza na Kigothiki ni nuru. Tofauti iko katika njia ambayo msukumo wa dari hupitia hadi kufika ardhini, kwa kuwa njia hiyo ndiyo inayoamua ni sehemu gani ya ukuta inaweza kuondolewa.

1.0 Utangulizi

Msomaji anayeingia katika kanisa la Vézelay kwa mlango wa magharibi hupita kwanza katika sebule pana ya kuingilia, kisha husimama kwenye kizingiti cha ukumbi mkuu. Mbele yake kuna nafasi ndefu ya takriban mita 62, iliyogawanywa katika vipande kumi. Kila kipande ni nafasi iliyo kati ya jozi moja ya nguzo na jozi inayofuata. Juu yake kuna matao ya nusu duara yaliyojengwa kwa mawe meupe na ya rangi ya kahawia yakipishana, na mwisho wa safari hiyo ya macho, upande wa mashariki, kuna sehemu ya altare iliyo nyeupe zaidi, yenye matao ya ncha na madirisha yaliyopangwa kwa ngazi. Ndani ya jengo moja mtu hutembea kutoka karne moja ya ujenzi hadi nyingine bila kufungua mlango.

Jengo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ulinganisho wa makanisa mawili yaliyo mbali huingiza tofauti nyingi zisizohusiana na mtindo, kama vile aina ya mawe, hali ya hewa na uwezo wa fedha. Vézelay hupunguza tatizo hilo, ingawa haliondoi kabisa. Pili, ukumbi wake wa Kiromaneski ni mfano unaokaidi maelezo ya jumla. Una madirisha makubwa kuliko inavyotarajiwa, una mwanga mwingi, na ulilipa gharama ya mwanga huo kwa kuta zilizoinama. Mtafiti anayeandika kwamba Waromaneski walijenga kuta nene kwa kuwa hawakujali nuru atakuta ukumbi huu ukimpinga.

Neno moja kuhusu istilahi ni la lazima. Kiswahili kina neno kuba, lakini matumizi yake ya kawaida ni kwa paa la mviringo, kama zile kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Kulitumia kwa kila dari iliyopinda kungeleta utata, hasa kwa kuwa msikiti huohuo unazo pia dari ndefu zilizopinda ambazo si kuba. Kwa hiyo, katika makala haya, dari ya pipa ni tao lililorefushwa mfululizo kama nusu ya pipa lililolazwa. Dari ya msalaba ni ile inayopatikana pale mapipa mawili yanapokatana. Na dari ya mbavu ni dari ya msalaba ambayo mistari yake ya makutano imejengewa pinde nyembamba za mawe, ziitwazo mbavu. Egemeo ni ukuta mfupi mnene unaojengwa nje ili kuukinga ukuta mkuu, na tao egemezi ni nusu ya tao inayovuka hewani kutoka ukuta wa juu hadi kwenye egemeo lililosimama mbali nao.

2.0 Kwa nini ukuta wa Kiromaneski ni mnene

Ni kawaida kusoma kwamba kuta za Kiromaneski ni nene kwa sababu dari ya mawe ni nzito. Kauli hiyo ni kweli nusu. Jacques Heyman, mhandisi aliyeweka misingi ya uchambuzi wa kisasa wa majengo ya mawe katika miaka ya 1960, alionyesha kuwa mkandamizo ndani ya mawe ya makanisa haya kwa kawaida haufiki hata sehemu ya kumi ya uwezo wa jiwe. Kama jambo lingekuwa uzito tu, ukuta wa Vézelay ungeweza kuwa mwembamba mara kadhaa bila jiwe lolote kupasuka.

Kinachohitaji unene ni msukumo wa pembeni. Tao hubeba mzigo kwa kuugeuza: kila jiwe lenye umbo la kabari humsukuma jirani yake, na mwisho wa mnyororo huo, pale tao linapoanzia, nguvu haishuki wima bali huenda chini na nje kwa pamoja. Mfano mwepesi ni cheni iliyoshikwa ncha zake mbili ikaachwa ining'inie. Cheni hiyo huvuta mikono kwa ndani. Ukipindua picha hiyo juu chini, mvuto hugeuka kuwa msukumo, na umbo la cheni huwa ndiyo njia ambayo nguvu hupitia ndani ya tao. Kanuni hiyo ilitolewa na Robert Hooke mwaka 1675. Sharti la usalama ni kwamba njia hiyo ya nguvu ibaki ndani ya mawe kutoka kileleni hadi msingini. Ikitoka nje ya uso wa ukuta, ukuta hupinduka.

Hapo ndipo unene unapopata maana yake. Nguvu inayoingia ukutani kwa mshazari huendelea kusogea kuelekea nje kadiri inavyoshuka. Uzito wa ukuta wenyewe huiongezea sehemu ya wima na kuikunja iteremke zaidi, lakini haiizuii kabisa. Fundi wa Kiromaneski aliipa nguvu hiyo nafasi ya kutangatanga: alijenga nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, akajaza katikati kokoto na chokaa, akapata ukuta ambao njia ya nguvu ingeweza kusogea ndani yake bila kutoka nje. Ukuta huo ni mnene kwa ajili ya jiometri zaidi kuliko kwa ajili ya uzito.

Aina ya dari huongeza au hupunguza tatizo. Dari ya pipa, iliyokuwa ya kawaida Bourgogne wakati huo, husukuma ukuta kwa urefu wake wote. Kila mita ya ukuta inahitajika, na kila dirisha linalofunguliwa karibu na mwanzo wa dari ni pengo katika kinga. Abasia ya Cluny, iliyokuwa na dari ya pipa yenye ncha na pia ikathubutu kuweka madirisha chini yake, ilipata ajali ya sehemu ya dari yake kuanguka mwaka 1125. Mafundi wa Vézelay walikuwa wakijenga katika jimbo hilohilo na katika miaka hiyohiyo. Hawakuchagua pipa. Walichagua dari ya msalaba, ambayo hukusanya msukumo katika pembe nne za kila kipande na kuuacha ukuta ulio kati ya pembe ukiwa na kazi ndogo. Katika kila nafasi hiyo iliyopata nafuu walifungua dirisha.

3.0 Tatizo la kipande cha mstatili

Uamuzi huo ulikuwa na akili, lakini uliwaingiza mafundi katika tatizo la kijiometri ambalo tao la nusu duara haliwezi kulitatua vizuri. Inafaa kulipigia hesabu, kwa kuwa hapa ndipo mtindo mmoja unapogeuka kuwa mwingine.

Ukumbi wenye urefu wa mita 62 ukigawanywa vipande kumi, kila kipande huwa na kina cha mita 6 na kitu. Upana wa ukumbi wa kati ni karibu mita 10. Tuchukue basi kipande cha mfano cha mita 10 kwa 6, na tuseme matao yote yanaanzia kimo kimoja. Tao la nusu duara halina hiari katika kimo chake: kilele chake hupanda nusu ya upana wake, si zaidi wala si pungufu. Tao linalovuka ukumbi, lenye upana wa mita 10, litapanda mita 5. Tao lililo ukutani, lenye upana wa mita 6, litapanda mita 3. Mshazari wa kipande, kutoka pembe hadi pembe, una urefu wa mita 11.66, na tao lake la nusu duara lingepanda mita 5.83. Vilele vitatu, vimo vitatu, katika dari moja.

Fundi wa Kiromaneski alikuwa na njia kadhaa za kukwepa. Angeweza kukifanya kipande kiwe mraba, kama ilivyofanyika katika kanisa kuu la Speyer huko Ujerumani, ili matao ya pande zote yawe na upana mmoja. Angeweza kuanzisha tao jembamba juu zaidi. Angeweza pia kuacha nyuso za dari zipinde kwa kukadiria, zikipanda kutoka kwenye tao fupi la ukutani kuelekea kilele cha katikati. Vézelay, ambako vipande ni vya mstatili, inahitaji ukadiriaji wa namna hiyo. Ukadiriaji si dhambi, lakini una tokeo moja lisiloepukika: tao la ukutani hubaki chini kuliko kilele cha dari, na dirisha haliwezi kupanda juu ya tao la ukutani.

Sasa tuchukue kipande kilekile na tutumie tao lenye ncha. Tao hili huundwa na vipande viwili vya duara vinavyokutana kileleni, na fundi anaweza kusogeza vitovu vya duara hizo apendavyo. Upana haumlazimishi kimo. Akiuacha mshazari ubaki nusu duara kamili, kama mafundi wengi wa Kigothiki walivyofanya kwa hakika, kilele kitakuwa karibu mita 6. Kisha atalinyanyua tao la kuvuka ukumbi kutoka mita 5 hadi 6, na tao la ukutani kutoka mita 3 hadi 6. Vilele vyote sasa viko kimo kimoja.

Katika mabadiliko hayo, lile la tao la ukutani ndilo kubwa, na ndilo lisilotajwa mara nyingi. Nafasi iliyo chini ya tao la nusu duara lenye upana wa mita 6 ina eneo la mita za mraba 14. Nafasi iliyo chini ya tao la ncha lenye upana huohuo na kimo cha mita 6 ina eneo la mita za mraba 25. Bila kupanua kipande, bila kupandisha jengo, ukuta ulio chini ya dari umeongezewa zaidi ya mita 10 za mraba ambazo zinaweza kuwa kioo. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo huduma kubwa zaidi ambayo tao la ncha liliifanyia nuru: lililipa dirisha ruhusa ya kupanda hadi kwenye kilele cha dari.

4.0 Msukumo ulipungua kiasi gani?

Vitabu vingi vya utangulizi husema kwamba tao la ncha hushusha mzigo wima na hivyo huondoa msukumo. Hilo ni kosa la kiwango. Kwa makadirio ya kwanza, mzigo ukitandazwa sawasawa juu ya upana wa tao, msukumo wa mlalo hupatikana kwa fomula hii:

H = wL²/8f

ambapo w ni mzigo kwa kila mita ya upana, L ni upana wa tao na f ni kimo chake. Kwa tao la kuvuka ukumbi lenye upana wa mita 10 na kimo cha mita 5, H ni 2.5w. Kimo kikiwa mita 6, H hushuka hadi 2.08w. Msukumo umepungua kwa sehemu moja ya sita. Ni nafuu ya kweli, lakini hakuna fundi anayeweza kuondoa ukuta kwa nafuu ya sehemu moja ya sita. Hata akilipandisha tao hadi mita 7.5, msukumo hupungua kwa theluthi moja tu. Fomula hii, bila shaka, haizingatii kwamba mzigo halisi huwa mkubwa zaidi mabegani mwa tao kuliko kileleni, lakini uwiano inaoutoa unatosha kwa hoja iliyopo.

Ushahidi wa kihistoria unakubaliana na hesabu. Tao la ncha lilitumika Cluny kabla ya Kigothiki kuzaliwa, na pia Autun, katika makanisa ambayo kila mtaalamu huyaita ya Kiromaneski. Mbavu nazo zilikuwapo Durham, Uingereza, katika kanisa lililojengwa kati ya mwaka 1093 na 1133, na kuta za Durham ni nene kuliko nyingi. Ubavu peke yake haukuleta kioo, na ncha peke yake haikukileta. Hata kazi ya mbavu yenyewe imebishaniwa. Eugène Viollet-le-Duc aliamini kuwa zinabeba dari. Pol Abraham, mwaka 1934, alipinga, na mabomu ya vita vya dunia yalionyesha mifano ya pande zote mbili, kuna mahali mbavu zilianguka na dari ikabaki. Jambo lisilobishaniwa sana ni faida yake wakati wa ujenzi: mbavu hujengwa kwanza juu ya kiunzi cha mbao, kisha hutumika kama mwongozo wa kujazia nyuso nyembamba za dari kati yake.

Kilichokosekana Durham na Cluny ni njia ya kuutoa msukumo nje ya ukuta kabisa. Tao egemezi hufanya kazi hiyo. Huupokea msukumo pale unapoingia ukutani, huuvusha hewani juu ya paa la njia ya pembeni, na kuukabidhi kwa egemeo nene lililosimama nje. Unene haukupotea katika Kigothiki, kama inavyodhaniwa na mtu anayetazama kutoka ndani. Ulihamishwa. Ukuta wa Kiromaneski umelazwa sambamba na ukumbi na huziba mwanga. Egemeo la Kigothiki limegeuzwa likasimama kwa upande wake mwembamba, kama kitabu kilichosimamishwa rafuni, na mwanga hupita kati ya kitabu kimoja na kingine. Mtu akitaka kuuona ukuta wa kanisa la Chartres, na autafute nje.

5.0 Kuta zilizoinama

Ukumbi wa Vézelay ulijengwa ukiwa na dari inayokusanya msukumo pembeni na bila matao egemezi ya kuupokea. Ulikuwa, tuseme, na nusu ya suluhisho. Matokeo yake bado yanaonekana. Ukisimama katikati ya ukumbi na kutazama matao yanayovuka juu, utaona kwamba baadhi yake si nusu duara tena. Yamebonyea kileleni na kutanuka mabegani, hata yanafanana na mpini wa kikapu. Kuta zimeinama nje.

Umbo hilo linasomeka kama maandishi. Nguzo mbili zinapoachana, upana wa tao huongezeka huku mawe yakibaki yaleyale, kwa hiyo kilele hakina budi kushuka. Kinaposhuka, ufa hufunguka upande wa chini wa kilele, na nyufa nyingine mbili hufunguka upande wa juu wa mabega. Tao limejitengenezea bawaba tatu. Jambo linalowashangaza wageni wa fani hii ni kwamba tao lenye bawaba tatu husimama salama. Heyman alisisitiza kwamba nyufa za namna hiyo ni hali ya kawaida ya jengo la mawe lililojipatanisha na misingi yake. Hatari huanza pale bawaba ya nne inapopatikana, au pale mwinamo wa ukuta unapoongezeka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mkaguzi haulizi tu kama kuna ufa. Anauliza ufa uko upande gani wa jiwe, na kama unaendelea kupanuka.

Matao egemezi yaliongezwa Vézelay baadaye, katika enzi ya Kigothiki, ili kuzishika kuta hizo. Ni jambo la kutafakari kwamba ukumbi wa Kiromaneski ulisaidiwa kusimama na kiungo cha mtindo uliofuata. Hata hivyo, mwaka 1840, Viollet-le-Duc alipotumwa huko akiwa na umri wa miaka 26, kwa pendekezo la Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kale, alikuta jengo likiwa katika hatari ya kuanguka. Kazi yake iliendelea hadi mwaka 1859. Alijenga upya matao egemezi, akajenga upya dari zilizokuwa zimeharibika, na baadhi ya dari za Kigothiki ambazo ziliwahi kuchukua nafasi ya zile za awali katika ukumbi alizibadilisha akazirejesha katika sura ya Kiromaneski.

Uamuzi huo wa mwisho unamhusu kila mtafiti. Dari ya Kiromaneski anayoipiga picha katika vipande hivyo ni ya karne ya 19. Anayetaka kupima umbo la dari ya karne ya 12 ni lazima aanze na ramani ya ukarabati, achague vipande ambavyo matao yake bado yana ule mbonyeo wa kale, na aepuke vile vilivyo nyooka mno. Katika jengo hili kasoro ndiyo cheti cha uhalisi.

Kigothiki nacho kilikuwa na mipaka yake. Beauvais walinyanyua dari ya sehemu ya altare hadi karibu mita 48, wakaimaliza mwaka 1272, na mwaka 1284 sehemu yake ikaanguka. Waliporekebisha waliongeza nguzo katikati ya zile za awali, ili kila kipande kigawanywe mara mbili. Walipata usalama kwa kurudisha mawe mahali walipokuwa wameyaondoa.

6.0 Nuru ya aina mbili

Tukirudi Vézelay, tofauti ya mwanga kati ya ukumbi na sehemu ya altare haiwezi kuelezwa kwa maneno giza na nuru. Ukumbi una mwanga mwingi. Kila kipande kina dirisha la juu kila upande, na vioo vyake leo havina rangi. Lakini mwanga huo huingia kwa matundu yaliyotengana ndani ya ukuta mnene. Kingo za kila tundu hukata mwale, na mwale huanguka sakafuni ukiwa na mipaka.

Jambo hili huonekana wazi siku za jua kuu la Juni. Vézelay iko karibu nyuzi 47.5 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya jua tarehe 21 Juni, ambayo kwa saa za Ufaransa za majira ya joto ni karibu saa nane kasorobo mchana, jua huwa nyuzi 66 juu ya upeo. Katika pembe hiyo, mwale unaotoka dirishani hushuka mita 2.25 kwa kila mita moja unayosonga mbele. Ili uangukie mstari wa kati wa ukumbi wenye upana wa mita 10, yaani mita 5 kutoka ukutani, dirisha lazima liwe juu kwa takriban mita 11. Madirisha ya ukumbi wenye dari ya mita 18 hivi yako katika eneo hilo hasa, na kwa kweli madoa ya mwanga hujipanga katikati ya sakafu kutoka mlangoni kuelekea altare. Mwezi Desemba jua la adhuhuri hufika nyuzi 19 tu. Mwale huvuka ukumbi wote huku ukishuka mita 3.5 peke yake, na kugonga ukuta wa kaskazini kwenye kimo cha juu, karibu na vichwa vya nguzo.

Wako wanaosema kwamba mafundi walikusudia njia hiyo ya nuru. Mwandishi anasita. Kanisa lolote lililoelekezwa mashariki, lenye vipande vinavyolingana na uwiano kama huu wa kimo na upana, litatoa madoa yaliyojipanga mstari. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba madoa hayo yanahitaji ukuta. Ni unene wa ukuta na upweke wa kila dirisha unaoufanya mwale uwe na umbo.

Katika sehemu ya altare hali ni nyingine. Hapa mafundi walifuata njia iliyofunguliwa na Abate Suger katika kanisa la Saint-Denis, ambalo sehemu yake ya altare iliwekwa wakfu mwaka 1144: njia ya kuzunguka nyuma ya altare, na vikanisa vidogo vilivyopangwa kandokando yake, vyenye kuta fupi kati yake na madirisha yanayokaribiana. Mwanga hutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Kivuli cha nguzo moja hufutwa na dirisha la upande wa pili, na mawe meupe hurudisha sehemu ya mwanga huo hewani. Macho hayaoni mwale. Huona tu kwamba nafasi yote imeangaza. Kutoka ukumbini, sehemu hiyo huonekana kama chumba chenye taa ambacho taa yake haionekani.

Tofauti, basi, ni kati ya nuru iliyochongwa na ukuta na nuru iliyotandaa kwa kukosekana kwa ukuta. Kiasi cha mwanga ni swali jingine kabisa, na hapo kioo ndicho kinachotoa jibu. Chartres, iliyojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194, ina madirisha makubwa kuliko ya ukumbi wa Vézelay kwa kipimo chochote, lakini vioo vyake vya bluu na vyekundu vya mwanzoni mwa karne ya 13 humeza sehemu kubwa ya mwanga, na mtu anayeingia kutoka nje huhitaji kusimama kidogo hadi macho yazoee. Mtu huyohuyo akiingia katika ukumbi wa Kiromaneski wa Vézelay adhuhuri ya kiangazi, anaweza kusoma bila shida. Iwapo angepewa kipima mwanga na kunyimwa historia, huenda angepanga majengo hayo mawili kinyume cha vitabu.

Kwa sababu hiyo mtafiti anayetumia neno nuru katika ulinganisho huu anapaswa kueleza anapima nini: eneo la uwazi ukutani, kiasi cha mwanga kinachofika sakafuni, au namna mwanga unavyosambaa. La kwanza hutegemea njia ya msukumo, na linaweza kuhesabiwa kutokana na jiometri ya dari kama ilivyofanywa katika sehemu ya tatu. La pili hutegemea kioo, rangi ya mawe na masizi ya mishumaa, na hubadilika kila kunapofanyika ukarabati. Kuta za Chartres zilizosafishwa katika miaka ya karibuni hazirudishi mwanga kama zilivyokuwa zikifanya kabla. La tatu hupimwa kwa urahisi zaidi kwa kutazama kivuli cha nguzo sakafuni: Vézelay, upande wa magharibi wa ukumbi kivuli hicho kina ukingo mkali, na kadiri mtu anavyokaribia altare ukingo huo hufifia.